Printa Iliyokufa na Kalamu Inayohesabu Hatua

Printa ya ofisini ikitupwa, mara nyingi kilichokufa ni kitu kimoja tu. Kichwa cha wino kimekauka, au bodi imeungua, au katriji mpya inauzwa bei inayokaribia ya printa yenyewe na mwenye mali akaona heri anunue nyingine. Vilivyobaki ndani ni vizima: reli ya chuma iliyosuguliwa ikang'aa, kibebeo kinachoteleza juu yake bila kutikisika, mkanda wa meno, puli, springi, na mota moja au mbili. Ukitaka reli na mkanda wa ubora huo dukani, utatoboka mfuko. Kwa fundi wa fotokopi pale Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, ni rundo linalomzibia njia.

Kutokana na rundo hilo, anayeanza mekatroniki anaweza kuunda plota ya kalamu, yaani mashine inayoshika kalamu ya kawaida na kuitembeza juu ya karatasi. Plota si printa. Printa hujaza ukurasa kwa vitone, mstari hadi mstari. Plota huvuta wino kutoka hapa hadi pale, huinua kalamu, huenda kwingine, huishusha tena. Michoro ya majengo na ramani ilitolewa hivyo maofisini kabla printa kubwa za wino hazijaenea. HP 7470A, plota ya mezani ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa na kalamu inayokwenda kushoto na kulia tu. Mwendo wa pili ulifanywa na karatasi yenyewe, ikisukumwa mbele na nyuma na magurudumu madogo yenye uso wa chenga.

Mashine tutakayoifuata hapa inafanana nayo kidogo. Mwendo wa kushoto na kulia, ambao tutauita X, ni reli na kibebeo cha printa ya wino. Mwendo wa mbele na nyuma, yaani Y, ni skana bapa ya zamani iliyovuliwa kioo. Reli ya printa imefungwa juu ya skana kama daraja, na kibebeo cha skana, ambacho zamani kilibeba taa, sasa kinabeba kibao chenye karatasi ya A5. Si mashine ya kujivunia sura. Lakini kila sehemu yake inaeleweka, na ikikosea unaweza kujua imekosea wapi.

Jambo la kwanza la kuelewa, na ndilo litakaloeleza karibu kila hitilafu mbele ya safari, ni kwamba plota hii haijui kalamu iko wapi. Haina jicho. Inachokijua ni idadi ya hatua ambazo imeziamuru mota zipige tangu ilipowashwa. Ni kama mtu anayeamka usiku umeme umekatika, naye anajua kwamba kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua saba. Akianzia pale pale na asijikwae, atafika. Akijikwaa mara moja tu, ataupapasa ukuta akiamini ni mlango. Kwa hiyo kazi nzima ya fundi ina mambo mawili: kujua hatua moja ni sawa na milimita ngapi, na kuhakikisha hakuna hatua inayopotea njiani.

Hapo hapo kuna mtego. Ukiifungua printa ya wino ya miaka ya karibuni utakuta mota ndogo nzuri yenye nguvu, na ina waya mbili. Hiyo ni mota ya kawaida ya umeme wa DC. Ukiipa umeme inazunguka mpaka uukate. Haina habari ya hatua. Printa iliweza kuitumia kwa sababu yenyewe ilikuwa na jicho. Tazama nyuma ya kibebeo utaona utepe mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, umechorwa vistari vyeusi vilivyosongamana mno kuhesabika kwa macho. Kihisi cha kwenye kibebeo kilivisoma vistari hivyo vikipita, na bodi ikajua mahali. Kusema kweli mfumo huo ni bora kuliko huu tunaoujenga, lakini kuuandikia programu ni kazi ya mtu aliyekwisha kukomaa. Anayeanza aitoe mota hiyo, abakize reli, kisha atafute mota ya hatua.

Mota ya hatua ina koili mbili ndani. Umeme ukigeuzwa kwa zamu katika koili hizo, mhimili unaruka pembe moja isiyobadilika, kisha unatulia na kushikilia pale. Utaipata katika printa za zamani za pini na utepe, katika skana nyingi bapa, mashine za faksi na fotokopi. Ile ya mraba na nzito kwa kawaida huruka digrii 1.8, kwa hiyo mzunguko mmoja ni hatua 200. Ile ya duara, nyepesi, inayofanana na kopo la bati, aghalabu huruka digrii 7.5, hatua 48 kwa mzunguko. Kwa kawaida ina waya nne, tano au sita. Ya waya nne ndiyo rahisi zaidi: gusisha ncha za waya mbili, zungusha mhimili kwa vidole, na ukihisi umekuwa mzito ghafla, basi waya hizo mbili ni za koili moja. Nyingine mbili ni za koili ya pili. Ya waya sita inatumika pia, ila kila koili ina waya wa katikati ambao unauacha wazi. Multimita itakuonyesha, maana ukinzani kutoka ncha hadi ncha ni mara mbili ya ule wa kutoka ncha hadi katikati. Ya waya tano iweke kando kwa siku nyingine.

Kwa X tulichukua mota ya hatua 200 kutoka kwenye fotokopi, pamoja na puli yake na mkanda wake. Hilo la mwisho lina maana. Meno ya mikanda hayalingani: mkanda wa printa hii una meno ya upana huu, wa fotokopi ile una mengine, na puli ya mmoja ikivaa mkanda wa mwingine itaonekana imekaa vizuri hadi utakapoanza kuchora. Vitatu hivyo vitoke mahali pamoja. Kwa Y tuliiacha mota ya skana pale pale ilipokuwa, na gia zake zote.

Sasa umeme. Pini ya Arduino Uno hutoa miliampea 20 hivi kwa usalama, na hata mota ndogo ya skana inataka mamia. Katikati yao panakaa draiva. Inayouzwa kila mahali ni A4988, kibodi kidogo chenye ukubwa wa stempu, ambacho huchomekwa juu ya bodi iitwayo CNC Shield, nayo huchomekwa juu ya Arduino. Draiva inapokea ishara mbili tu: moja inasema piga hatua, nyingine inasema upande gani. Kugeuza umeme katika koili, na kuuzuia usizidi, ni kazi yake.

Huko kuuzuia usizidi ndiko wanaoanza wengi wanakoruka, kisha wanalaumu mota. Juu ya kila draiva kuna skrubu ndogo ya kuweka kikomo cha mkondo. Inatoka kiwandani ikiwa imekaa popote. Kikomo kikiwa juu mno, mota ya kopo itachemka mpaka plastiki yake ilainike. Kikiwa chini mno, itakosa nguvu na kuruka hatua. Huweki kwa kukisia. Unapima volti kati ya skrubu yenyewe na GND, Arduino ikiwa imechomekwa kwenye USB, kwa kanuni hii:

```
Vref = 8 x I x Rs
```

I ni mkondo unaoutaka kwa ampea. Rs ni risista mbili ndogo nyeusi zilizo kando ya chipu, na hapo ndipo pa kutoa miwani. Zikiandikwa R100 ni omu 0.1, R050 ni omu 0.05. Draiva hizi huuzwa zikiwa za aina zote, na kwa sura huwezi kuzitofautisha. Mota ya skana ambayo hatuna karatasi yake tuliianzishia ampea 0.4, na risista zilisomeka R100, kwa hiyo volti ni 8 x 0.4 x 0.1, yaani 0.32. Chukulia mtu amenakili volti hizo 0.32 kwa rafiki yake na kuziweka kwenye draiva yenye R050: mota yake itapata ampea 0.8, mara mbili ya iliyokusudiwa, na ndani ya dakika chache ataanza kunusa. Mota ya X, kubwa zaidi, tuliipa ampea 0.7. Baada ya robo saa ya kazi shika mota zote. Joto la kukufanya useme "aa" si neno, lakini kama huwezi kuacha kidole kwa sekunde tano, punguza.

Kuna makosa mawili yanayoiua A4988 papo hapo: kuichomeka kinyume, na kuchomoa waya za mota wakati umeme umewaka. La kwanza linazuilika kwa kulinganisha maandishi EN ya draiva na ya bodi. La pili linazuilika kwa kujizoesha kuzima kwanza, hata kama unagusa waya moja tu. Kuhusu chanzo cha umeme, kishawishi ni kutumia cha printa yenyewe, kwa kuwa kipo. Vingi hutoa volti 30 na ushei, na A4988 inaishia 35. Pengo hilo ni dogo, kwa sababu umeme ukiwashwa huruka juu kidogo kabla ya kutulia. Adapta ya volti 12 ya ampea 2 inatosha kwa mashine hii na haikukoseshi usingizi.

Chini ya kila draiva, kwenye CNC Shield, pana jozi tatu za pini. Ukizifunga zote tatu kwa vifungio vyake, draiva inaigawa kila hatua katika vihatua 16. Mota ya hatua 200 inakuwa ya vihatua 3200, na mwendo unakuwa laini, bila ule mngurumo unaotetemesha kalamu. Usidhani, hata hivyo, kwamba usahihi umeongezeka mara 16. Kihatua kimoja kina nguvu kidogo sana, na msuguano wa kalamu unaweza kukimeza. Mhimili unakuja kusogea kwenye cha pili au cha tatu. Vihatua tunavitumia kwa ulaini.

Programu inayokaa ndani ya Arduino na kugeuza maagizo kuwa hatua inaitwa GRBL. Iliandikwa na Simen Svale Skogsrud mwaka 2009, kisha ikaendelezwa kwa miaka mingi na Sungeun Jeon, na maajabu yake ni kwamba inaenea katika kumbukumbu ya kilobaiti 32 ya Uno. Kompyuta inaongea nayo kwa kasi ya 115200. Ukiandika `$$` inakuorodheshea mipangilio yake yote, na kati ya hiyo `$100` na `$101` ndizo namba za vihatua kwa milimita za X na Y.

Ya X tuliipata kwa hesabu. Tulipima meno kumi ya mkanda kwa pamoja, yakatoka milimita 20.3, na huo ni mkanda wa kipimo kiitwacho MXL, ambao jino lake ni inchi 0.08, yaani milimita 2.032. Puli ina meno 18. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa mota unavuta mkanda 18 x 2.032, ambayo ni milimita 36.576. Vihatua 3200 tukivigawa kwa 36.576 tunapata 87.489. Namba hiyo tukaiandika, tukaagiza milimita 100, na rula ikasema 100.

Ya Y haikubali hesabu hiyo kirahisi. Kati ya mota na mkanda wa skana kuna gia tatu zilizopandana, na kuhesabu meno yake kwenye mwanga hafifu ni kutafuta kichwa kuuma. Hapa tunaiuliza mashine yenyewe. Tuliandika `$101=100`, namba ya kubuni tu, tukaagiza isogee milimita 20. Ilisogea 12.5. Namba ya kweli basi ni 100 x 20 / 12.5, yaani 160. Hiyo bado ni ya kukadiria, kwa sababu jicho likikosea nusu milimita katika 20, kosa ni sehemu moja ya arobaini. Tukaweka 160 na kuagiza 150. Kosa lile lile la jicho sasa ni sehemu moja ya mia tatu. Ilikwenda 148.5. Tukazidisha 160 kwa 150, tukagawa kwa 148.5, ikatoka 161.616. Jambo moja dogo lililotusaidia: kabla ya kuweka alama ya kuanzia, sogeza kwanza milimita 10 upande ule ule unaokwenda kupimia. Gia zina pleyi, na mwendo huo wa awali unayakaza meno upande mmoja ili pleyi isiingie kwenye kipimo.

Mipangilio yetu iliishia hivi:

```
$1=255
$100=87.489
$101=161.616
$110=3000
$111=1500
$120=100
$121=100
```

`$110` na `$111` ni kasi ya juu kwa milimita kwa dakika. Y tumeipa nusu ya X kwa sababu mota ya kopo hupoteza nguvu haraka inapoongezwa mbio. `$120` na `$121` ni jinsi inavyochanganya mwendo, na kwa kibao kizito ndizo zinazoamua kama hatua zitapotea wakati wa kuondoka. `$1=255` inaiambia GRBL isiziachie mota zinaposimama. Usipoiweka, mota hulegea mara baada ya kila mwendo, kibao kikaguswa kidogo, na mashine haitajua.

Kalamu inainuliwa na sevo ndogo, ile ya SG90 inayotumika kwenye ndege za kuchezea. Ishara yake inatoka pini ya 11 ya Arduino, ambayo kwenye CNC Shield inatokea mahali palipoandikwa Z+ upande wa swichi za mwisho. GRBL ya kawaida hutuma kwenye pini hiyo ishara ya kuongoza kasi ya mota ya kukata, ambayo sevo haiielewi. Pakua toleo lililorekebishwa kwa ajili ya sevo. Kalamu yenyewe ikae huru ndani ya kijibomba, iteleze juu na chini. Sevo iiinue tu. Ikishuka, uzito wake mwenyewe ndio uandike. Wanaofunga kalamu moja kwa moja kwenye mkono wa sevo hupata mstari mnene pale kibao kilipoinuka kidogo na mstari uliokatika pale kilipoinama.

Sevo ipewe volti 5 zake peke yake, kutoka chaja ya simu kwa mfano, ila GND yake iungwe na ya Arduino. Ikinyonya umeme kutoka Arduino, siku moja itaanguka kwa kishindo, volti zitashuka, na Arduino itajiwasha upya katikati ya mchoro. Dalili yake haifichiki: kwenye skrini, katikati ya kazi, yanatokea maneno ya salamu `Grbl 1.1h ['$' for help]`. Mashine imesahau kila kitu na inaamini mahali ilipo sasa ndipo sifuri.

Maagizo yanaandikwa kwa msimbo wa G, ule ule unaoendesha mashine za kukata chuma viwandani. Marekani iliuwekea kiwango kiitwacho RS-274-D mwaka 1980. Kwa plota unahitaji herufi chache. Huu ndio mraba wetu wa kwanza:

```
G21
G90
G0 X20 Y20
M3 S500
G4 P0.2
G1 X120 Y20 F1500
G1 X120 Y120
G1 X20 Y120
G1 X20 Y20
M5
G4 P0.2
G0 X0 Y0
```

`G21` inasema vipimo ni milimita. `G90` inasema kila namba ihesabiwe kutoka sifuri, wala si kutoka pale kalamu ilipo. `G0` ni kwenda upesi kalamu ikiwa juu. `G1` ni kwenda kwa kasi iliyotajwa na `F`, hapa milimita 1500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde. `M3` inashusha kalamu na `M5` inaiinua, na namba ya `S` utaitafuta kwa kujaribu, maana kila toleo la sevo lina ya kwake. `G4 P0.2` ni kungoja sehemu mbili za kumi za sekunde. Bila kungoja huko, kalamu huanza safari kabla haijagusa karatasi, na kila mstari unakosa kichwa chake. Mahali pa sifuri ni pale mashine ilipokuwa ulipoiwasha, kwa hiyo isukume kwa mkono hadi pembeni kabla ya kuwasha.

Mraba ukitoka, usiufurahie bado. Pima mishazari yake miwili kutoka kona hadi kona. Mraba wa milimita 100 una mshazari wa 141.4. Mmoja ukiwa 143 na mwingine 140, mota hazina kosa: daraja limefungwa upogo juu ya skana, na dawa yake ni bisibisi. Mishazari ikilingana lakini upande mmoja wa mraba ukawa mrefu kuliko mwingine, rudi kwenye `$100` au `$101`.

Kisha fanya jaribio ambalo kwa maoni yangu lina faida kuliko mengine yote. Chora mraba ule ule mara tano juu ya karatasi ile ile bila kuigusa. Kuna magonjwa mawili yanayofanana sana kwa macho, kupoteza hatua na pleyi ya gia, na dawa zake hazihusiani hata kidogo. Jaribio hili linayatenganisha. Ikiwa hatua zinapotea, kila mraba unasogea kidogo kutoka uliotangulia, ukaona ngazi ya mistari inayohama upande mmoja. Mashine ilijikwaa, na kila kilichofuata kimebeba kosa lile. Ikiwa ni pleyi, miraba mitano inalaliana sawasawa, mstari juu ya mstari, lakini umbo lenyewe lina kasoro: kona ya mwisho haikutani na ya kwanza.

Mashine yetu ilikuwa na magonjwa yote mawili. Ngazi ilionekana upande wa Y peke yake, na mota ya skana ilitoa mlio mfupi wa kukoroma kila ilipoanza kurudi. Hapo wengi hukimbilia skrubu ya mkondo. Ni afadhali kwanza kuzima, kukisukuma kibao kwa mkono, na kusikiliza vidole. Kilikuwa kinakwama mahali pamoja: reli ya skana ilikuwa na grisi ya zamani iliyogeuka kuwa ulimbo. Spiriti na kitambaa vikaiondoa, tone la mafuta ya cherehani likafuata, na ngazi ikatoweka bila mkondo kuongezwa. Kama isingetoweka, hatua ya pili ingekuwa kushusha `$121` hadi 50, na ya tatu ndiyo ampea.

Pleyi ilibaki. Kwenye mraba ilikuwa ndogo, lakini kwenye duara ilijitangaza. Duara linachorwa kwa `G2`, ambapo `I` na `J` zinaonyesha kitovu kiko umbali gani kutoka kalamu ilipo:

```
G0 X70 Y120
M3 S500
G4 P0.2
G2 X70 Y120 I0 J-50 F1500
M5
```

Kalamu ikifika juu kabisa na chini kabisa ya duara, Y inageuza mwelekeo. Meno ya gia yanaachana, yanasafiri hewani kidogo, yanakutana upande wa pili. Wakati huo mota inahesabu hatua, kibao kimesimama. Matokeo yake ni vipande viwili bapa, kileleni na kitakoni mwa duara, kila kimoja kama milimita tano, na ncha mbili za mstari zilizopishana. GRBL haina mpangilio wa kufidia jambo hili. Tulifunga uzi kwenye kibao, tukaupitisha juu ya kipuli kilichotoka kwenye printa ile ile, tukaning'iniza nati tatu nzito ukingoni mwa meza. Uzito huo unavuta kibao upande mmoja saa zote, kwa hiyo meno hayapati nafasi ya kuachana. Mota inalipa gharama ya kuubeba, ndiyo maana nati zilikuwa tatu wala si sita. Kwa sita ngazi ilianza kurudi. Bapa la juu na la chini likapungua hadi kutoonekana kwa kalamu ya kawaida.

Baada ya hapo hutaandika msimbo kwa mkono tena. Inkscape itageuza mchoro kuwa mistari na kuutoa kama msimbo wa G, na programu kama Universal Gcode Sender itautuma. Ila maandishi yana tatizo lake. Herufi za kompyuta ni maumbo yaliyojazwa, na plota itachora kingo zake: herufi "I" itakuwa kisanduku chembamba, na "O" itakuwa duara mbili. Kinachotakiwa ni herufi za mstari mmoja. Ziko tayari ndani ya Inkscape, kwenye kiongezi kiitwacho Hershey Text, kwa jina la Allen Hershey, mwanafizikia wa maabara ya jeshi la majini la Marekani aliyezisanifu miaka ya 1960, enzi ambazo kompyuta ilichora kwa mistari.

Kalamu nayo ina maoni yake. Ya jeli huandika kwa uzito wake tu na inavumilia `F1500`, ila ikisimama sekunde moja mahali pamoja inaacha doa. Ya biki haiachi doa lakini inataka kukandamizwa: gundisha sarafu mbili juu yake, teremsha kasi hadi `F800`, na kabla ya kila kazi ichoreshe mstari wa pembeni, nje ya mchoro, ili kijigololi chake kianze kuzunguka.